Mama wa Bukama hasemi Sheng

Madereva wa malori kutoka Tanzania wanaopeleka mizigo Lubumbashi na Kolwezi hurudi nyumbani na hadithi moja: Wakongo wanaongea Kiswahili, lakini Kiswahili chao ni Sheng tupu. Wamesikia "batoto" badala ya watoto, "mayi" badala ya maji, na mtu aliye kazini akisema "niko natumika". Wakaona hiyo ni lugha ya vijana iliyopindwa makusudi ili wakubwa wasielewe.

Wamekosea, na kosa lenyewe linaumiza. Ndilo linalomfanya mgeni amwambie mama mwenye wajukuu "nijibu kwa Kiswahili kizuri", akidhani anamwomba aache utani, kumbe anamwambia kwamba lugha aliyolelea watoto wake ni uchafu. Mama hatagomba. Atanyamaza, au atajibu "ndiyo" kwa kila swali, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha kabla hayajaanza.

Bukama ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Mji uko kwenye Mto Lualaba, mkoani Haut-Lomami, na makao makuu ya mkoa ni Kamina. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1918, na kwa miaka kumi treni iliishia papo hapo: mzigo ulishushwa, ukapakiwa kwenye meli, ukateremka na mto kuelekea Kongolo. Mwaka 1928 reli ikakamilika kupitia Kamina hadi Ilebo, upande wa Kasai. Hadi leo samaki wa maziwa ya Upemba na Kisale hupita Bukama, wakiwa wamekaushwa au kutiwa chumvi, wakielekea miji ya migodi. Nyumbani watu wengi husema Kiluba. Shuleni na ofisini kuna Kifaransa. Jeshini kwa miaka mingi imesikika Lingala. Kiswahili ni lugha ya gati, stesheni, soko na kanisa, yaani lugha ya mahali watu wasiojuana wanapokutana.

Hata hivyo Kiswahili hicho si kimoja. Anayetoka nje huona ngazi mbili, sanifu na Sheng, kwa sababu ndivyo alivyozoea kwao. Huku ngazi ni tatu, na shida yote huanzia hapo.

Ya kwanza wenyewe huiita Kiswahili bora. Ni ile ya mahubiri, ya Biblia, ya vitabu vya wamisionari, na kwa kiasi fulani ya redio. Redio Okapi, iliyoanza mwaka 2002 chini ya Umoja wa Mataifa, husoma habari kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, na msikilizaji wa Tanga anaweza kuifuata bila taabu kubwa. Ya pili ni Kiswahili cha Katanga, ambacho watu huishi nacho kutwa. Ya tatu ni Kindubile, lugha ya vijana wa Lubumbashi, inayochanganya Kiswahili, Kifaransa na chochote kingine kilichoingia mjini wiki hii. Jina lake lina ukoo na Indubil ya Kinshasa, lugha ya vijana wa miaka ya 1950 waliopenda filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani na kujiita Mabil. Mwenye kutafuta ndugu wa Sheng katika Kongo ya kusini amtafute huko kwenye Kindubile. Kwa mama muuza samaki hatamkuta.

Kiswahili cha Katanga kina historia ya watu wazima waliokuwa kazini. Kampuni ya madini ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na wafanyakazi wake wengi wa mwanzo walitoka kusini, Rhodesia ya wakati ule, wakiwa na lugha ya migodini iliyozaliwa Afrika Kusini. Wabelgiji hawakupenda kuona wafanyakazi wao wakiegemea upande wa Waingereza. Walipoanza kuleta watu kutoka Kasai, kutoka nchi ya Waluba na kutoka Ruanda-Urundi, na kuwaweka na familia zao kwenye kambi za kudumu, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian ameifuatilia habari hiyo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni. Watoto waliozaliwa kambini hawakujifunza Kiswahili kibovu. Walijifunza Kiswahili walichokikuta kwa wazazi wao, wakakikamilisha, wakakirithisha.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni wa maandishi. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watu waliokuwa maboi katika nyumba za wazungu, aliandika historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Aliiandika kwa Kiswahili cha Katanga chenyewe: habari za wafalme, za kampuni, za mishahara na za vita. Hiyo ni kazi nzito ya wazee waliotaka wajukuu wao wajue walikotoka, na hakuna mtu aliyewahi kumwandikia mjukuu historia ya ukoo kwa lugha ya kuwaficha wakubwa.

Lugha hiyo ina kanuni, na kanuni hizo zinafuatwa. Kiambishi cha watu ni "ba": batoto, bamama, banaenda. Cha vitu ni "bi": bintu. Mtu mmoja ni "mutu", mzuri ni "muzuri". Kitendo kinachoendelea husemwa "niko naenda", "beko banatumika". Mahali ni "fasi". Badala ya "katika" kuna "mu", "ku" na "pa", kama ilivyo katika Kiluba. Neno "njo" hubeba kazi ya ndiyo na ndipo, na halipumziki. Kiunganishi "ya" hutumika karibu kila mahali, bila kujali ngeli. Katikati ya sentensi hupita viunganishi vya Kifaransa, donk, alor, paske, na msemaji wala hahisi kwamba amebadili lugha.

Sasa tuchukue kisa kimoja tukipitie hatua kwa hatua, kwa sababu mambo haya hayaeleweki kwa kauli za jumla. Kando ya Lualaba na maziwa ya Upemba, kipindupindu hurudi mara kwa mara, na eneo la afya la Bukama limo miongoni mwa yanayojulikana kwa hilo. Tuseme muuguzi kutoka Kenya au Tanzania amekuja kusaidia. Mfukoni ana karatasi yenye ujumbe ulioandikwa kwa uangalifu: "Wananchi wanahimizwa kuchemsha maji ya mto kabla ya matumizi." Anausoma gatini kwa sauti, polepole, kwa matamshi safi.

Sentensi hiyo haina kosa lolote, lakini mbele ya wasikilizaji hawa ina mitego. "Wanahimizwa" haisemi nani afanye nini, tena imevaa mavazi ya redio, na mtu aliyezoea kusikia habari za redio huisikiliza kama habari ya watu wengine. "Kabla ya" ni ya Kiswahili bora: wengi wataielewa, baadhi watachelewa, kwa kuwa wao husema "mbele ya kunywa". Mtego mkubwa ni "matumizi". Kwa sikio la Katanga, kutumika ni kufanya kazi. Aliyesikia nusu ya sentensi huku akifunga tenga la samaki anaweza kuondoka akijua kwamba maji huchemshwa kabla ya kwenda kazini. Hajakosea kusikia. Ameelewa sawasawa kwa lugha yake.

Mambo huzidi pale mama mmoja anapouliza: "Juu ya nini tuchemushe?" Mgeni anasikia swali la mahali, juu ya nini, na anaanza kueleza kuhusu moto, sufuria na mafiga. Mama alikuwa ameuliza kwa nini. Alitaka kujua sababu, maana mto huo ameunywa tangu utotoni. Swali lake lilikuwa la msingi kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, na amejibiwa habari za sufuria.

Ujumbe uleule kwa Kiswahili cha Katanga huwa mfupi: "Mayi ya mu muto, muchemushe kwanza, njo munywe." Amri imeelekezwa kwa walio mbele yako, mpangilio wa vitendo uko wazi, na hakuna neno lenye sura mbili. Tofauti ya sentensi hizi mbili si ya usafi. Moja iliandikwa kwa ajili ya karatasi, nyingine kwa ajili ya mtu aliyesimama na tenga.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni hulisahau kabisa: namba. Katanga watu wengi hutaja bei, tarehe na vipimo kwa Kifaransa, hata pale maneno mengine yote ya sentensi ni ya Kiswahili. Maji ya chumvi na sukari kwa mgonjwa anayeharisha hutengenezwa kwa lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Ukigeuza vipimo, chumvi ikawa nyingi, unamdhuru mtoto. Kwa hiyo hapa usitegemee neno "sita" peke yake. Hesabu vijiko mbele ya watu, kimoja kimoja, halafu mpe mama kijiko arudie mwenyewe. Huo ndio mtihani pekee unaoaminika, kwa sababu "ndiyo" ya heshima haithibitishi kitu. Mtu anayemstahi mgeni hamwambii "sikukuelewa" mbele ya majirani.

Je, mgeni basi aanze kusema "batoto" na "bintu"? Hapa ndipo wengi huteleza upande wa pili. Mtanzania anayevaa "ba" kwa siku mbili husikika kama anayewaigiza wenyeji, na kuigizwa kunaumiza kuliko kusahihishwa. Ushauri wangu, kwa niliyoyaona na kuyasikia, ni kubaki na sarufi yako na kubadili maneno machache yanayobeba hatari. Sema "mayi", maana neno lenyewe lina uzito. Sema "mbele ya kunywa". Epuka "matumizi" na "kutumika" isipokuwa unazungumzia kazi. Ukiulizwa "juu ya nini", jibu sababu. Salimia kwanza kwa wingi wa heshima, "Jambo yenu, mama", hata akiwa mmoja, kisha ngoja salamu imalizike. Watu wa Bukama wanajua umetoka mbali na hawadai uzungumze kama wao. Wanachodai ni kwamba usiwafanye wajione wajinga kwa lugha yao.

Kuna ombi lingine linalokuja kutoka upande wa wenyeji, nalo hufasiriwa vibaya vilevile. Katekista, mwalimu, au kijana anayetaka kusoma nje anaweza kukuambia: "Unijibu kwa Kiswahili bora." Mgeni mwenye huruma nyingi, aliyekwisha kujifunza kuheshimu lugha ya mahali, atamjibu kwa "ba" na "njo" akidhani anamsogelea. Anamnyima alichoomba. Katekista anakijua Kiswahili bora kwa kusoma kuliko kwa kukisikia, na hii ni nafasi yake adimu ya kukisikia kwa mtu aliyezaliwa nacho. Mpe sentensi kamili, ngeli zote mahali pake, mwendo wa taratibu. Usipunguze kitu.

Mtu mmoja pia hana ngazi moja maisha yake yote, wala siku nzima. Mwanaisimu Mholanzi Vincent de Rooij, katika utafiti wake wa mwaka 1996 juu ya Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa enzi za Mobutu, alionyesha jinsi msemaji yuleyule anavyohama katikati ya mazungumzo. Akiongea habari za bei anakuwa kwenye Kiswahili cha kila siku. Akigusa habari za Mungu au jambo lenye uzito, "ba" inageuka "wa" na ngeli zinaanza kujipanga. Kwa hiyo swali la mtindo gani unamfaa msikilizaji halijibiwi kwa kumtazama sura na umri tu. Linajibiwa kwa kusikiliza anachozungumzia dakika ile. Mama aliyekuuzia samaki kwa lugha ya soko anaweza, mwanawe akiwa mgonjwa, kukugeukia kwa maneno ya kanisani. Akifanya hivyo amekwambia kwamba mazungumzo yamebadilika, na wewe badilika naye. Acha utani uliofaa wakati wa kupatana bei.

Nairobi wana shida tofauti, na inafaa kuiweka kando ya hii ili isichanganywe. Sheng ilikulia mitaa ya Eastlands, na sifa yake kubwa ni kuchakaa haraka. Neno la fedha lililovuma mtaani mwaka huu mwakani linatumiwa na wazazi, na likitumiwa na wazazi limekwisha. Tena kila mtaa una lake. Ndiyo maana waliofanikiwa kuzungumza na vijana kwa Sheng, kama Ghetto Radio ya Nairobi au jarida la katuni la Shujaaz lililoanza mwaka 2010, hawakukaa ofisini na orodha ya maneno. Waliwapa kipaza sauti na kalamu watu wanaoisema. Mtu akikuambia "nijibu kwa Sheng" na wewe huishi nayo, mara nyingi hahitaji msamiati wako wa mwaka 2005. Anaomba ulegee: sentensi fupi, bila "ningependa kukufahamisha kwamba". Jibu kwa Kiswahili chepesi cha mazungumzo, na neno moja la mtaani unalolijua vizuri linatosha. Ukijaza matano, atacheka, na ujumbe utapotea kwenye kicheko.

Kindubile kiko hivyo pia. Georges Mulumbwa, mtafiti wa Lubumbashi, amekichunguza kwa miaka, na yeyote anayesoma kazi ya aina hiyo huona kwamba maneno yaliyokwisha kuingia kitabuni tayari yanaanza kuzeeka mtaani. Kwa ujumbe wa kipindupindu Bukama, Kindubile hakifai kwenye kipaza sauti cha gatini, ambako wasikilizaji ni akina mama wa samaki, wapagazi, na wazee wanaongoja mtumbwi. Wazee watakiona ni dharau, na Kindubile cha Lubumbashi hakijafika kwa ukamilifu huko Bukama. Kinafaa mahali pamoja: vijana wenyewe wakiambiana. Wape ukweli wa jambo, vipimo vya chumvi na sukari, dalili za mtu aliyekaukiwa maji, macho yaliyozama na ngozi inayobaki imekunjana ukiifinya, kisha waache waseme kwa namna yao. Kazi ya mwandishi wa ujumbe ni kuwasikiliza wakirudia na kuhakikisha nusu kijiko hakikugeuka vijiko viwili.

Mtu mwenye karatasi moja na wasikilizaji wa aina tatu angefanyaje Bukama? Mimi ningeandika bango la ukutani kwa Kiswahili bora chepesi, kwa sababu watu hutarajia maandishi yavae vizuri, na bango lililoandikwa "batoto" na ofisi ya serikali huonekana kama kejeli, hata kama kila msomaji husema "batoto" nyumbani. Tangazo la mdomo ningelitoa kwa Kiswahili cha Katanga, na lisomwe na mhamasishaji wa pale pale, mmoja wa wale wanaojitolea kwa kazi ya afya na kuitwa reko, kuliko kusomwa na mimi. Kwa wazee wa vijijini nje ya mji hata Kiswahili kingekuwa ngazi ya juu mno, na Kiluba ndicho kingefaa. Ningemwomba reko anitafsirie maswali yao neno kwa neno, bila kuyafupisha, maana kwenye maswali ndiko ninakojua kama wamesikia nilichosema.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo walimu, wafanyabiashara na maofisa wa pande zote wanakutana mara nyingi kuliko zamani. Baadhi ya walimu wa Kiswahili kutoka Tanzania na Kenya watapata wanafunzi waliozaliwa Bukama, Kamina au Malemba-Nkulu. Siku ya kwanza mwanafunzi huyo ataandika "mu nyumba ya baba" na "bintu bingi". Mwalimu aliyefundishwa kupiga vita Sheng atachukua kalamu nyekundu. Afadhali amuulize kwanza kwao husemwaje jambo lile, ayaandike yote mawili ubaoni upande kwa upande, "mu nyumba" na "nyumbani", "bintu" na "vitu", kisha amwonyeshe lipi huandikwa kwenye mtihani na lipi anaendelea nalo akimpigia mama yake simu jioni.